Orodha ya Mishahara Isitoke Nje

Tuseme kuna kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam inayotunza kazi zake zote kwenye Google Workspace. Watu wa mauzo wanatuma nakala za hati za mizigo kwa wateja kutwa nzima. Wahasibu wanabadilishana faili na kampuni moja tu ya ukaguzi. Idara ya rasilimali watu ina mikataba na orodha za mishahara, na hakuna sababu ya hata ukurasa mmoja kutoka nje. Kampuni ikiweka sheria moja kwa wote, ama wauzaji watashindwa kufanya kazi, ama mishahara itabaki wazi kwa yeyote atakayetumiwa linki kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana msimamizi wa mfumo anagawa akaunti katika vitengo, ambavyo kwenye skrini vinaitwa "Organizational units". Vitengo hivi vinapangwa kwa ngazi: juu kabisa ni kampuni nzima, na chini yake kuna idara. Kitengo cha chini hurithi mipangilio ya kile kilicho juu yake mpaka msimamizi akibadilishe kwa makusudi. Kwa hiyo ni busara kubana juu na kulegeza chini. Katika mipangilio ya kushea ya Drive, kampuni yetu inafunga kabisa kushea nje kwenye ngazi ya juu. Rasilimali watu inarithi marufuku hiyo bila kuguswa. Mauzo inafunguliwa, ila mtumaji anapewa onyo kila anapomshirikisha mtu wa nje. Uhasibu unaruhusiwa kushea na vikoa vilivyoorodheshwa tu, na kwenye orodha hiyo kimewekwa kikoa cha wakaguzi. Faida ya kubana juu huonekana siku mtu anapoajiriwa na akaunti yake ikasahaulika kupangiwa idara: inabaki mahali palipofungwa.

Lakini akaunti moja hukaa katika kitengo kimoja tu, na kazi za watu hazikubali kufungwa hivyo. Yupo ofisa mmoja wa rasilimali watu anayelazimika kupeleka majina ya wafanyakazi kwenye bima ya afya. Kumhamishia Mauzo kwa sababu hiyo ni kosa, maana atabeba mipangilio yote ya Mauzo. Hapo ndipo kundi linapofaa. Mtu anaweza kuwa katika makundi mengi, na mpangilio uliowekwa kwa kundi hushinda ule wa kitengo. Msimamizi anaunda kundi la wanaoruhusiwa kushea nje, anamwingiza ofisa huyo, na mambo mengine yote ya akaunti yake yanabaki kama ya wenzake. Akiwa katika makundi mawili yenye sheria zinazopingana, linalofuatwa ni lile ambalo msimamizi amelipa kipaumbele cha juu zaidi. Orodha ya wanakundi isiachwe mikononi mwa wanakundi wenyewe, kwani anayeweza kuongeza jina humo anagawa ruhusa ya kutoa faili nje.

Jambo linalowaponyoka wengi ni hili: kwa faili zilizo kwenye "My Drive", sheria humfuata mwenye faili. Mwajiriwa wa rasilimali watu akihamishiwa Mauzo, na akaunti yake ikahamishwa siku hiyohiyo, faili zote za mishahara alizotengeneza mwenyewe zinahama naye. Jana zilikuwa zimefungwa. Sasa anaweza kuzishea na mteja kama hati nyingine yoyote. Hakuna aliyebadilisha mpangilio wowote, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka.

Dawa yake ni kuziweka faili za idara kwenye "Shared drive". Huko faili ni mali ya kampuni, na sheria inayotumika ni ya kitengo ambacho drive yenyewe imewekwa. Msimamizi ahakikishe ya rasilimali watu imewekwa chini ya rasilimali watu. Kama faili bado ziko kwa mtu, umiliki ukabidhiwe kwa mwenzake anayebaki idarani kabla akaunti haijahamishwa.

Kujua kama mpangilio unafanya kazi, fungua akaunti ya majaribio, iweke katika kitengo husika, tengeneza faili tupu na ujaribu kuishea na anwani ya nje. Kisha pitia kumbukumbu za Drive kwenye ukurasa wa msimamizi, utafute faili zilizoshewa nje ya kampuni na uangalie wenyewe ni wa idara gani. Jina la rasilimali watu lisilo kwenye lile kundi likitokea hapo, anza kwa kuangalia akaunti hiyo iko kitengo gani na imo katika makundi gani. Na usiharakishe kutoa hukumu: mabadiliko ya mipangilio yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuwafikia watumiaji wote, hivyo jaribio la kuaminika ni lile la kesho yake.