Trei ya Laini Ikigoma Kutoka

Pini ya kutolea laini haivuti kitu, inasukuma. Ndani ya kile kitundu mna wenzo mdogo wa chuma. Pini ikibonyeza ncha yake moja, ncha ya pili huisukuma trei kutoka nyuma, nayo ikachomoza kiasi cha kushikika kwa ukucha. Trei ikigoma, basi, jambo la kujua ni msukumo huo umeishia wapi, na kidole chako kinaweza kukuambia.

Pini ikizama bila kukutana na ukinzani wowote, hakikisha kwanza hujaichoma maikrofoni, kwani simu nyingi zina kitundu chake kinachofanana kabisa na cha trei. Kama kitundu ni chenyewe, wenzo umepinda au umehama mahali pake, na hiyo ni kazi ya fundi atakayefungua simu. Pini ikigonga kitu kigumu kisichosogea, huenda umeiingiza kwa mshazari. Ilaze simu mezani, nyoosha pini iwe sambamba na meza, kisha bonyeza kwa nguvu ya kutosha bila kushtua. Klipu ya karatasi iliyonyooshwa inafaa. Sindano ya kushonea ni nyembamba na kali mno, inaweza kupita kando ya wenzo. Njiti ya kuchokolea meno hukatikia ndani.

Lakini kukwama kunakoharibu simu nyingi ni kule kwa aina ya tatu: trei inachomoza kidogo, halafu inashikwa. Hapo wenzo umemaliza kazi yake, na watu huchukua koleo wakavuta. Tafadhali usivute.

Chukua mfano wa mtu aliyehamia simu mpya na laini yake ya zamani, ile ya ukubwa wa mikro, akaikata kwa mkasi iingie kwenye trei ya nano. Urefu na upana amevipata, milimita 12.3 kwa 8.8. Unene hakuupunguza. Kadi ya mikro ina unene wa milimita 0.76, ya nano 0.67. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila ndani ya simu nafasi ni finyu, na mkasi nao huacha ukingo ulioinuka. Juu ya kadi kuna vijimeno vyembamba vya chuma vinavyogusa ile sehemu ya dhahabu. Wakati wa kuingia vililala, kadi ikapita. Wakati wa kutoka, ukingo ule unavinasa. Adapta tupu, yaani fremu ya plastiki iliyoingizwa bila kadi, ni mbaya zaidi, maana vijimeno huchomoza ndani ya tundu lake na kunasa kama ndoana.

Zima simu. Rudisha trei ndani kidogo, nusu milimita tu, ili vijimeno vilegee. Kisha kata utepe wa plastiki laini na ngumu kiasi, kama ile inayofunika boksi la shati jipya, wenye upana wa karibu milimita nane. Upenyeze taratibu juu ya kadi, upande ambao dhahabu inatazama, ukiwa umelala kabisa. Ukihisi umegota, usilazimishe. Urudishe nyuma, uusogeze kushoto au kulia, ujaribu tena. Kazi yake ni kuvilaza vijimeno na kuvitenganisha na ukingo wa kadi. Utepe ukishaingia urefu wa kadi, vuta trei na utepe kwa pamoja, polepole na moja kwa moja. Kama pengo ni dogo mno kwa utepe, simamia hapo umpelekee fundi. Yeye akiifungua simu atafika kwenye kisomeo cha laini bila kuvuta chochote.

Nasisitiza upole huu kwa sababu ya kile kilicho hatarini. Kadi si kitu: mtandao wako utakupa nyingine yenye namba ileile. Vijimeno vimo ndani ya kisomeo kilicholehemiwa kwenye bodi ya simu. Kimoja kikikatika, simu inaweza kuandika kuwa haina laini hata ukiweka kadi mpya, na kubadilisha kisomeo kunahitaji fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa moto. Usimwagie mafuta wala gundi kitunduni, kwani vyote huishia kwenye vijimeno hivyohivyo.

Trei ikitoka, mulika ndani kwa tochi. Vijimeno vyote vinapaswa kuwa na kimo kimoja. Kilichosimama au kulala kuliko wenzake kimepinda, na kuingiza trei juu yake ni kukivunja. Kadi iliyokatwa kwa mkasi usiirudishe. Nenda kwenye duka la mtandao wako ukabadilishiwe upewe ya nano.