Mahakamani, Hadhi Husema Kuliko Jinsia
Mwaka 1975 mwanaisimu Mmarekani Robin Lakoff alieleza kuwa wanawake husitasita zaidi wanapozungumza, kwa maneno kama “nadhani” na “labda”. William O'Barr na Bowman Atkins wakalipima dai hilo mahakamani, Karolina Kaskazini. Walirekodi kesi, kisha wakahesabu maneno ya aina hiyo kwa kila shahidi. Daktari mwanamke aliyeitwa kama mtaalamu aliyatumia kwa nadra; wanaume wa hadhi ya chini, wasioizoea mahakama, waliyatumia sana. Mwaka 1980 wakahitimisha kuwa mtindo huo hufuata uwezo wa msemaji katika jamii, na wanawake wengi huutumia kwa kuwa wengi wamewekwa chini. Ndiyo maana mtafiti makini hulinganisha kazi, cheo na mahali pa mazungumzo kabla ya kutaja jinsia.