Mguu wa Polio Unapochoka Upya

Aliyepata polio utotoni akabaki na mguu mmoja mwembamba hujifunza mapema namna ya kuishi nao. Anajua njia ipi ina mawe na daladala ipi ina ngazi ya juu, na mkono wake umezoea kukandamiza paja kila anapoukanyaga mguu ule, goti lisije likakunjika. Miaka thelathini au arobaini hupita hivyo, naye hauhesabu tena kuwa ugonjwa. Kisha, umri ukiwa umefika arobaini au hamsini na kitu, ngazi alizozizoea zinaanza kumshinda. Ikifika saa nane mchana mwili unamlegea kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Anaanguka mahali ambapo hakuwahi kuanguka. Jirani watamwambia ni uzee, na zahanati watampima malaria.

Mara nyingi si malaria, na kwa uzee bado mapema. Madaktari wanaiita hali hii dalili za baada ya polio. Virusi havijarudi, na mtu hawezi kumwambukiza mwenzake. Kinachochoka ni ule ukarabati ambao mwili wenyewe ulijifanyia utotoni.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo, hukaa matumboni, na kwa watoto wachache hufika kwenye uti wa mgongo. Huko huua seli zinazoipa misuli amri ya kukaza. Msuli usiopata amri hunyauka, mfupa wake haurefuki kama mwenzake, na mguu huwa wa baridi. Hisia hazipotei: mguu wa polio ukichomwa mwiba, mwenyewe anasikia. Jambo hili lina maana kubwa kwetu, kwa sababu familia nyingi za Afrika Mashariki husimulia kwamba mtoto alipata homa, akadungwa sindano ya matakoni, na mguu ukalegea. Wakati mwingine sindano ndiyo iliyojeruhi mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo. Wakati mwingine homa yenyewe ilikuwa polio, na sindano katika siku zile huongeza uwezekano wa kiungo kilichodungwa kupooza. Sindano iliyojeruhi mshipa hulegeza zaidi wayo na kuacha sehemu zenye ganzi, huku nguvu ya mbele ya paja ikibaki. Polio inaweza kuchukua paja lote na isiache ganzi popote. Ni vizuri daktari alitambue hilo kwanza, kwa kuwa aliyejeruhiwa na sindano hapati hali hii tunayoizungumzia.

Sasa turudi kwenye ukarabati. Seli zilizonusurika zilichipusha matawi mapya na kuilea ile misuli iliyoachwa yatima. Ndiyo maana watoto wengi walipata nafuu katika miezi na miaka ya kwanza baada ya homa. Lakini seli moja ikabaki na mzigo wa seli kadhaa, na imeubeba kwa miongo. Baada ya muda huo mrefu matawi yale huanza kukatika moja moja, na nyuzi za msuli zikiachwa yatima mara ya pili hakuna tena wa kuzichukua.

Na ule mguu unaoitwa mzima? Msuli unaweza kupoteza karibu nusu ya seli zake za amri na bado ukaonekana una nguvu kamili mtu akiupima kwa mikono. Kwa hiyo mguu ambao umebeba mwili wote tangu utotoni huenda nao uliguswa na polio bila mtu kujua. Wengi hulalamika kwanza kuhusu mguu huo, wakidhani wamepatwa na ugonjwa mwingine.

Hakuna kipimo cha damu cha hali hii. Daktari huangalia kama mtu aliwahi kupooza kwa polio, akapata nafuu, akakaa miaka 15 au zaidi bila mabadiliko, kisha udhaifu au uchovu mpya ukaja na kudumu walau mwaka mmoja. Halafu anaondoa sababu nyingine moja moja: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, sonona, usingizi mbovu, goti lililosagika. Hatua hiyo isirukwe, maana hizo nyingine zina matibabu yake. Dawa ya kuirudisha seli iliyochoka haipo. Lililopo ni kupunguza kazi ambayo seli hizo zinalazimishwa kufanya, na hapo ndipo ubishi na mgonjwa huanza.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa Moshi, mama wa miaka 49. Alipata polio akiwa na miaka miwili, mguu wa kushoto. Shuleni alivaa vyuma. Alipofika darasa la tano vikawa vifupi, akaviacha, na tangu hapo anatembea kwa kushika paja. Kutoka kituo cha daladala hadi kibandani kwake ni nusu kilomita. Mwaka huu ameanguka mara mbili, na kila alasiri mguu wa kulia unatetemeka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimwambia apumzike, atacheka, na nadhani ana haki ya kucheka. Afadhali apewe daftari. Kwa wiki moja aandike alichofanya, saa ngapi mguu ulianza kutetemeka, na kama uchovu ule uliisha baada ya kulala. Kipimo kikuu ni hicho cha mwisho: uchovu au maumivu yakibaki hadi kesho yake, kikomo kimevukwa. Daftari la mama huyu linaonyesha jambo ambalo hakulitegemea. Kinachommaliza zaidi si kutembea. Ni cherehani. Anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, saa baada ya saa, kisha mguu huohuo ndio unaombeba kwenda nyumbani. Mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye cherehani inampunguzia kazi kuliko ushauri wowote wa kupumzika.

Hata hivyo mapumziko yana siri yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha kuwa misuli ya watu waliougua polio ikifanya kazi kwa vipande vifupi vyenye mapumziko katikati, huchoka kidogo na kufanya kazi nyingi zaidi kwa jumla kuliko ikilazimishwa mfululizo. Kwa hiyo mama huyu anakaa kwenye benchi la duka lililo katikati ya njia kabla mguu haujatetemeka. Akingoja utetemeke ndipo akae, atahitaji muda mrefu zaidi kupata nafuu. Vitambaa vinaletwa kibandani badala ya yeye kuvifuata, na pasi anapiga akiwa ameketi.

Baada ya hapo ndipo vinakuja vyuma. Moshi kuna bahati: chuo cha kufundisha mafundi wa vifaa hivi, TATCOT, kipo hapo katika eneo la hospitali ya KCMC tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mtu aliyeviacha vyuma akiwa mtoto, akajivunia kuviacha, hatavirudia kwa sababu tu fundi amesema. Anapaswa kuona hesabu yake. Kushika paja kunamnyima mkono mmoja, kunampindisha mgongo kila hatua, na kiganja kikiteleza, anaanguka. Chuma kirefu, kinachoanzia pajani hadi kwenye kiatu na kufungwa gotini kwa kitasa kinachoshuka chenyewe anaposimama, kinafanya kazi ya ule mkono. Anapotaka kuketi anakivuta juu, goti linakunjika.

Kina gharama yake pia. Goti lisilokunjika hulazimu nyonga kuinuliwa ili wayo upite bila kukwaruza ardhi. Hapa fundi mzuri hujulikana. Mguu wa mama huyu ni mfupi kwa sentimita tatu, na fundi asiye na uzoefu ataongeza soli sentimita tatu kamili ili ziwe sawa. Fundi mzoefu huacha upungufu wa sentimita moja au moja na nusu, kwa sababu upungufu huo ndio unaoupa mguu uliofungwa nafasi ya kupita. Zikiwa sawa kabisa, kila hatua inakuwa ya kupanda. Vilevile uzito: plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la mguu ni nyepesi kuliko chuma na ngozi, na mvua haiiozeshi. Si kila mtu anahitaji kifaa kirefu. Goti lenye kurudi nyuma kidogo hujifunga lenyewe, na wa namna hiyo anaweza kutosheka na kifaa kifupi kigumu cha kifundo kinachozuia goti kuporomoka mbele. Hata kisigino kisichogusa chini, ambacho watu hukimbilia kukifanyia upasuaji, wakati mwingine ndicho kinachosukuma goti nyuma na kumwezesha mtu kusimama. Kikirefushwa bila kufikiri, goti linaanza kuanguka.

Wiki za kwanza kifaa kivaliwe saa moja au mbili, kisha muda uongezwe taratibu. Kila kikivuliwa, ngozi ikaguliwe. Wekundu unaofifia ndani ya nusu saa hauna neno. Usiofifia unaonyesha mahali pa kurekebisha, na anayekwenda kwa fundi mapema huepuka kidonda. Mchanga ukiingia kwenye kitasa hakishuki kikamilifu, na kitasa kilichoshuka nusu ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Kisafishwe, kitiwe tone la mafuta, skrubu zikazwe. Mshipi wa paja ukianza kuzunguka mguu, umelegea.

Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu, yaani kwa mama huyu mkono wa kulia, na isogee pamoja na mguu wa kushoto. Watu wengi huishika upande dhaifu na kuinamia huko. Mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima na mkono umening'inia. Ngazi anapanda kwa kutanguliza mguu wenye nguvu, anashuka kwa kutanguliza dhaifu. Kwa safari ndefu, kama za msibani au hospitali kubwa, kiti cha magurudumu kinamwachia nguvu za kufanya alichokwenda kufanya. Anayekitumia siku hiyo hajapoteza uwezo wa kutembea kesho.

Mazoezi hayakatazwi. Msuli unaoweza kuinua kiungo na kustahimili kusukumwa kidogo unaweza kuzoezwa kwa uzito mdogo na mapumziko mengi, kwa kipimo kilekile cha kesho yake. Msuli usioweza hata kuinua uzito wa mguu wenyewe hauimarishwi kwa kulazimishwa. Baridi nayo hupunguza nguvu: Moshi mwezi wa saba, soksi ndefu na kitambaa kizito vina kazi.

Dalili moja haistahili kusubiri daftari. Anayeamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi, anayesinzia mchana akiwa anazungumza na watu, au anayeshindwa kupumua vizuri akilala chali, apimwe upumuaji wake hata kama polio yake ilionekana mguuni tu. Na akipangiwa upasuaji wowote, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, amwambie mtoa dawa kwamba aliugua polio. Dawa za kulegeza misuli zinaweza kumlegeza kupita kiasi na kukawia kuisha, hivyo dozi hupunguzwa na uangalizi baada ya upasuaji huongezwa.