Chai na Mandazi Haviamshi Msuli

Mzee aliyekuja kwangu mwaka jana alikuwa na umri wa miaka 64 na uzito wa kilo 80. Daktari alikuwa amemwambia apunguze kitambi, naye akautii ushauri huo kwa moyo wote: akapunguza chakula na kuanza kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki. Katika miezi miwili zilimtoka kilo nne. Kilichomleta kwangu si mizani bali vyuma vyenyewe, kwa sababu uzito aliouzoea tangu mwezi wa kwanza ulikuwa umeanza kumshinda. Nilimwomba akunje mikono kifuani, kisha ainuke kitini na kuketi mara tano mfululizo, haraka awezavyo. Alitumia sekunde 16. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana juu ya vipimo vya upungufu wa misuli wanahesabu kuwa zaidi ya sekunde 15 ni dalili kwamba nguvu zimepungua.

“Mwanangu, nyama nakula,” aliniambia nilipomgusia habari ya protini. “Usiku sikosi.”

Hakuwa anasema uongo. Tulipoiandika siku yake yote, ilionekana kwamba asubuhi anakunywa chai ya maziwa na mandazi mawili, jumla gramu 8 hivi za protini. Mchana anakula wali kidogo, upawa wa maharage na mchicha, nako anapata kama gramu 18. Usiku, familia ikikusanyika, anawekewa nyama ya ng'ombe isiyopungua gramu 220 ikiwa imeshapikwa, pamoja na ugali. Mlo huo mmoja una gramu 66. Ukijumlisha unapata gramu 92 kwa siku, kiasi ambacho kwa mtu wa kilo 80 si kibaya hata kidogo. Shida ilikuwa katika mgawanyo. Kati ya milo yake mitatu, ni mmoja tu uliokuwa unaufikia msuli kwa nguvu inayotakiwa.

Msuli hautulii. Kila saa kuna protini inayobomolewa na nyingine inayojengwa. Tukikaa na njaa, ubomoaji hushinda, na tukila protini ya kutosha, ujenzi hushinda kwa saa chache. Kinachoufanya msuli utambue kwamba chakula kimefika ni asidi amino moja iitwayo leusini. Ndani ya chembe za msuli ipo protini inayofanya kazi ya mlinzi: leusini ikiwa haba, huushikilia ujenzi usiendelee, na leusini ikifika ya kutosha, huinasa na kuuachia ujenzi. Kwa hiyo leusini ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni tofali kama asidi amino nyingine, na ndiyo kengele inayowaita mafundi kazini.

Baada ya kuitwa, mafundi hao hawafanyi kazi siku nzima. Mwaka 2001 watafiti waliwapa watu asidi amino kwa njia ya mshipa kwa saa kadhaa bila kukatiza. Ujenzi wa misuli ulipanda, ukafika kileleni baada ya saa mbili hivi, halafu ukashuka ingawa damu ilikuwa bado imejaa malighafi. Ndipo wengi walipoanza kuuliza: kama msuli unashiba, kuna faida gani kumwaga karibu protini yote ya siku katika mlo mmoja wa usiku?

Uzee unaongeza ugumu wake. Kengele inayomwamsha kijana haimwamshi mzee. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kutoka Galveston, Texas, wazee na vijana walipewa gramu 6.7 za asidi amino muhimu. Mchanganyiko ulipokuwa na leusini gramu 1.7, misuli ya vijana iliitika, ya wazee haikuitika. Leusini ilipopandishwa hadi gramu 2.8 bila kuongeza jumla, wazee nao waliitika. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya vipimo vya namna hii ulikadiria kwamba kijana anahitaji gramu 0.24 za protini kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, na mzee gramu 0.40. Kwa mzee wangu wa kilo 80, hiyo ni gramu 32 kwa mlo, zenye leusini karibu gramu 2.5 hadi 3.

Anayejinyima chakula ili apungue ana tatizo linalofanana na hilo, kwa sababu mwili unaokosa nishati hupunguza kasi ya kujenga misuli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua wanaume wazee wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia chakula kwa majuma kadhaa, na katika majuma ya mwisho wakawaongezea mazoezi ya vyuma. Kundi moja lilipata protini iliyogawanywa sawasawa, lingine lilipata sehemu kubwa katika mlo mmoja. Jumla ya siku ilikuwa ile ile. Ujenzi wa misuli ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliogawanya, na vyuma viliurudisha ule uliokuwa umeshuka kwa sababu ya kujinyima. Mzee wangu alikuwa mzee, alikuwa anajinyima, na alikuwa ameirundika protini yake usiku. Yote matatu yalimwangukia kwa pamoja.

Sikumwongezea chakula. Tuliihamisha tu nyama yake. Usiku tulimwachia gramu 100 za nyama na ugali ule ule, mlo wenye gramu 33 za protini na leusini gramu 2.8 hivi. Fedha ya nyama iliyopungua ilinunua mayai na dagaa. Asubuhi akawa anakula mayai matatu ya kuchemsha, maziwa mililita 300 na chapati moja ndogo badala ya mandazi, jumla gramu 32 za protini na leusini karibu gramu 2.9. Mchana wali na upawa wake wa maharage vilibaki, ila juu yake tukaweka dagaa wakavu gramu 30, waliochambuliwa, wakaoshwa na kuungwa kwa nyanya na kitunguu. Gramu hizo chache zinaleta protini gramu 17 hivi, na mlo mzima unafika gramu 35. Jumla ya siku ikawa gramu 100, nane tu zaidi ya awali.

Wasomaji wengi huniuliza kuhusu ugali, maana wamesikia kwamba mahindi yana leusini nyingi. Ni kweli. Leusini ni karibu asilimia 12 ya protini ya mahindi, wakati katika nyama, samaki, mayai na maharage ni karibu asilimia 8. Lakini unga wa gramu 100 una protini gramu 8 tu, na protini hiyo ina upungufu mkubwa wa lisini, asidi amino nyingine ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Mahindi yanapiga kengele kidogo, kisha mafundi wanakosa tofali. Maharage yana lisini tele, ndiyo maana ugali na maharage, au makande, vinasaidiana vizuri sana. Asiyekula nyama anaweza kufika, ila sahani yake ya maharage iwe kubwa kuliko upawa mmoja, na aongeze maziwa, mtindi au karanga.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watu kununua kopo la unga wa leusini. Huko Maastricht, Uholanzi, wanaume wazee wenye afya walipewa gramu 2.5 za leusini pamoja na kila mlo mkuu kwa miezi mitatu. Misuli yao haikuongezeka wala nguvu zao. Walikuwa wanakula protini ya kutosha tayari, na kengele ya pili haikuleta mafundi wapya. Fedha ya kopo hilo ninaona bora iende kwenye trei ya mayai.

Sasa niseme wazi mahali ambapo elimu hii ina mipaka, kwa kuwa nimeona ikifundishwa kana kwamba ni sheria isiyovunjika. Jaribio maarufu la mwaka 2014, lililogawanya protini gramu 30 kila mlo na kuulinganisha mgawanyo huo na siku iliyorundika usiku, lilikuta ujenzi wa misuli wa saa 24 umezidi kwa asilimia 25. Lakini wengine waliopima wazee mwaka uliofuata hawakuona tofauti kati ya kugawanya na kurundika, walichoona ni kwamba jumla kubwa ya siku ilishinda jumla ndogo. Na mwaka 2023, Maastricht tena, ilionekana kwamba vijana waliokula gramu 100 za protini kwa mkupuo baada ya mazoezi waliendelea kujenga kwa zaidi ya saa 12. Mlo mkubwa, basi, haupotei bure kama tulivyodhani. Msimamo wangu ni huu: jumla ya siku ndiyo ya kwanza, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa mzee mwenye afya, na anayejinyima huku akinyanyua vyuma asishuke chini ya 1.2. Mgawanyo unafuata, na unakuwa na uzito zaidi pale ambapo chakula chenyewe ni kidogo.

Kugawanya kunaweza hata kudhuru, na hili halisemwi mara nyingi. Chukua mama mzee wa kilo 60 anayepata protini gramu 45 tu kwa siku. Akiigawa mara tatu, kila mlo una gramu 15, na hakuna hata mmoja unaofika gramu 24 anazozihitaji. Kengele hailii siku nzima. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanawake wazee asilimia 80 ya protini yao katika mlo wa mchana, na miili yao iliihifadhi protini vizuri kuliko ya wenzao waliogawanyiwa. Mama kama huyo nitamwambia kwanza aongeze jumla. Kama haiwezekani, ajaze angalau mlo mmoja vizuri na mingine aiache iwe na protini kidogo. Wanaofunga Ramadhani wanaweza kutumia hesabu hiyo hiyo: futari na daku viwe na protini ya kutosha kila kimoja, na glasi ya maziwa au mtindi baada ya tarawehe.

Mzee wangu alirudi baada ya majuma kumi. Zilikuwa zimemtoka kilo nyingine mbili, vyuma vyake alikuwa amevirudia na kuvipita, na kitini alitumia sekunde 12. Siwezi kumpa leusini sifa zote, maana katika majuma hayo alikuwa ameongeza pia uzito wa vyuma kidogo kidogo, na bila hivyo mayai pekee yasingefanya kazi hiyo.

Mwenye ugonjwa wa figo asiifuate hesabu hii kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu kiasi chake cha protini hupangwa kwa vipimo vya damu na mkojo. Wewe mwingine uliyevuka miaka 60, au unayepunguza uzito huku ukinyanyua vyuma, andika leo ulichokula asubuhi na uhesabu protini yake. Ikiwa haifiki gramu 20, anza kurekebisha hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.