Goma: Midomo ya Kifaransa, sauti ya Kiswahili, na mazuku katikati

Mtaalamu wa volkano anaonekana uso kwa uso kwenye televizyo. Anaongea Kifaransa kwa sekonde 5. Anasema kwamba gazi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inakusanyika kwenye mashimo na inaweza kuua. Sasa sentensi hiyo inapaswa kutoka kinywani mwake kwa Kiswahili, kabla hajafunga midomo.

Kwa wakaaji wa Goma na Sake hilo si jambo la mchezo. Gazi hiyo wanaijua kwa jina la mazuku. Inatoka ardhini, haionekani, na imekwisha kuua watu na mifugo kandokando ya ziwa Kivu. Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe, ili kuonyesha namna kazi ya kuweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni inavyofanyika.

Kazi ya kwanza ni kutazama, si kutafsiri. Mfanyakazi anapitisha filamu polepole na kuandika mahali msemaji anapofungua kinywa, anapovuta pumzi na anapomaliza. Anatia alama pia kila mara midomo inapogusana, yaani kwenye herufi m, b na p. Hapo ndipo jicho la mtazamaji linagundua udanganyifu upesi zaidi.

Kisha anahesabu silabi. Sentensi yetu ya Kifaransa ina silabi karibu 23. Tafsiri ya kwanza inakuja hivi: «Gazi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakusanyika katika sehemu zilizo chini na inaweza kuwaua watu.» Ni sahihi, lakini ina silabi 54. Mtu anayesoma vizuri anatoa silabi 6 au 7 kwa sekonde, kwa hiyo atahitaji sekonde 8. Mtaalamu atakuwa amenyamaza na sauti bado inaendelea.

Inabidi kukata, na hapo ndipo hatari inaanza. Njia rahisi ni kuandika «inaua» badala ya «inaweza kuua». Tunapata silabi 3, lakini mtaalamu hakusema hivyo. Mkaaji aliyewahi kupita mahali pa mazuku akapona atasema filamu inadanganya, na hatasikiliza mengine. Njia nyingine ni «bondeni». Ni neno fupi, lakini linafanya watu wafikirie bonde kubwa, wakati mazuku inaweza kulala hata kwenye shimo dogo ndani ya parsele.

Kwa hiyo tunakata mahali pengine: «Mazuku ni nzito kuliko hewa, inalala mahali pa chini na inaweza kuua.» Silabi ni 29, na maana imebaki nzima.

Inabaki midomo. Kwa Kifaransa, msemaji anafunga midomo mara ya kwanza kwenye silabi ya 7, katika jina la kaboni. Kwetu m ya «mazuku» iko mwanzoni kabisa. Tukisema «Hii gazi ya mazuku ni nzito...», m inaangukia silabi ya 6, karibu na pale midomo inapokutana. Sasa tuna silabi 34, ambazo bado zinaingia katika sekonde 5. Mwisho pia unakubali: Kifaransa kinamaliza kinywa kikiwa wazi, na «kuua» vilevile. Katikati kuna p moja ya Kifaransa isiyopata mwenzake. Tunaiacha, kwa sababu kuitafutia neno kungeharibu maana.

Filamu ya televizyo yetu inapitisha picha 25 kwa sekonde. Masikio yanavumilia sauti ikichelewa kama picha 3, lakini ikitangulia hata kidogo zaidi ya picha 1, watu wanaanza kuona kasoro. Kwa hiyo ukiwa na shaka, afadhali sauti ichelewe.

Kuna shida nyingine: mtazamaji wa Lubumbashi huenda hajui mazuku ni nini. Sekonde 5 hazitoshi kumweleza. Maelezo hayo yanawekwa mapema, pale msimulizi asiyeonekana anapoongea juu ya picha za mlima, maana hapo hakuna midomo ya kufuata.

Na msemaji akiwa mbali na kamera, hakuna haja ya kuhangaika hivyo. Wanamwacha asikike kidogo kwa lugha yake, kisha Kiswahili kinapanda juu.

Mwishoni sauti inachezwa bila picha mbele ya mtu ambaye hajaona filamu, naye anaeleza alichosikia. Akijibu kwamba mtoto asilale chini mahali penye shimo, kazi imekwisha. Akijibu kwamba ni hatari ya mabondeni tu, wanarudi kwenye mikro.