Kuamka Nusunusu

Usiku mmoja wa Januari 2011, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, ikitoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi alikuwa amelala kitini kwa ruhusa. Utaratibu uliwapa marubani nafasi ya kupumzika kwa zamu, lakini mwisho dakika 40, ili mtu asifike kwenye usingizi mzito. Yeye alilala dakika 75.

Alipozinduka hakuwa sawasawa. Nahodha akamweleza kwamba ndege ya jeshi la Marekani inakuja mbele yao, futi 1,000 chini yao. Akatazama nje, akaona mwanga, akadhani ndiyo hiyo ndege. Kumbe ni sayari ya Zuhura. Muda mfupi baadaye akaiona ndege yenyewe, akaamini iko juu na inawashukia, akasukuma usukani mbele kwa nguvu. Ndege ikainama, nahodha akaiinua. Abiria 14 na wahudumu wawili waliumia. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilieleza kwamba rubani alikuwa bado hajatoka usingizini vizuri.

Uzito wa namna hiyo kila mtu ameuonja kwa kiasi chake. Lakini kuna hali iliyo kali zaidi, ambayo humpata mtu usiku akiwa kitandani kwake: anakaa ghafla, macho yako wazi, anajibu maswali yasiyoulizwa, hamtambui mkewe, anatafuta mlango upande wa ukutani. Huenda akakasirika akishikwa. Baada ya dakika chache anajilaza tena, na asubuhi hakumbuki lolote, au anakumbuka vipande tu. Waswahili husema amekuwa akiweweseka. Kwa madaktari, ni kuamka katikati ya mkanganyiko, na wanaiweka kundi moja na kutembea usingizini.

Si ndoto, wala si jinamizi. Aliyekabwa na jinamizi akili yake iko macho huku mwili umegoma kusogea. Huyu ni kinyume chake: mwili unasogea, akili ndiyo haijafika. Mwaka 2009 watafiti wa Italia walichapisha habari za kijana mwenye kifafa sugu aliyekuwa amewekewa vipimo ndani ya ubongo ili kutafuta kiini cha ugonjwa wake. Usiku mmoja akaamka kwa kuchanganyikiwa vipimo vikiwa kazini. Sehemu inayoendesha viungo, pamoja na sehemu mojawapo inayohusika na hisia, zilionyesha dalili za mtu aliye macho. Sehemu za mbele na za juu ubongoni, zinazopima mambo na kuyaunganisha, zilikuwa bado na mawimbi ya polepole ya usingizi mzito. Ni kama nyumba ambayo umeme umerudi jikoni na uani, sebuleni bado giza.

Usingizi mzito kabisa hujaa zaidi theluthi ya kwanza ya usiku, na ndiyo maana saa ya tukio inasema mengi. Mtoto wa miaka minne aliyelala saa mbili usiku atakurupuka kwenye saa tatu na nusu au saa nne, analia, anamsukuma mama yake huku akimwita mama. Mzazi hufanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya: anamtikisa, anamnawisha maji baridi, anamwita jina kwa sauti. Hapo ndipo kilio huongezeka, kwa kuwa anayetikiswa hana uwezo wa kuelewa ni nani anamtikisa. Afadhali kukaa karibu, kumzuia asijigonge, kusema naye kwa upole na kumwelekeza kitandani. Watoto wengi huachana na hali hii wenyewe wakikua.

Kwa watu wazima habari ni tofauti kidogo. Mwaka 2014 utafiti uliohoji watu wazima zaidi ya 19,000 nchini Marekani ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 7 alikuwa amepatwa na hali hiyo ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 84 ya hao walikuwa na tatizo jingine la usingizi, au la afya ya akili, au walikuwa wakitumia dawa zinazogusa ubongo, hasa za sonona. Kwa hiyo mtu mzima anayeamka hivi mara kwa mara aanze kwa kuuliza ni nini kingine kinaendelea.

Kichocheo kikubwa ni deni la usingizi. Mlinzi aliyekesha siku mbili, au mama mwenye kichanga, akipata nafasi huzama mno, na ubongo uliozama mno ni mgumu kuuamsha wote kwa pamoja. Pombe inachangia, na dawa za usingizi pia. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa kama zolpidemu ziwekewe onyo zito, kwa sababu watumiaji wengine walifanya mambo ya hatari bila kujitambua. Juu ya hapo panahitajika kitu cha kumgutusha mtu: simu, kibofu kilichojaa, mtoto anayelia, au koo linaloziba. Anayekoroma kwa nguvu kisha akanyamaza na kuvuta pumzi kwa kishindo hugutushwa na mwili wake mwenyewe mara nyingi kila usiku. Akitibiwa pumzi, mkurupuko nao mara nyingi hupungua.

Tukio la dakika chache, mara moja moja, bila kuumiza mtu, halihitaji hospitali. Linalohitaji hospitali usiku huohuo ni mkanganyiko usioisha, au unaokuja na kitu kingine. Mtoto mwenye homa anayesema maneno yasiyoeleweka, katika nchi zenye malaria, asisubiri asubuhi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akiamka ametota jasho na kutetemeka, apimwe sukari. Kama hakuna kipimo na anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla anaweza kuwa na maambukizi au kiharusi. Na kama watu wawili wa chumba kimoja wameamka wote wamelewalewa na vichwa vinauma, huku jiko la mkaa limelala ndani, tatizo ni hewa ya sumu: watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Kuna mengine yasiyo ya dharura lakini yanayotaka daktari. Matukio mafupi yanayofanana kila mara, mkono uleule ukikunjika vilevile, tena mara kadhaa kwa usiku, yanaweza kuwa kifafa. Mwanamume aliyepita miaka 50 anayepiga ngumi na kupiga kelele karibu na alfajiri, kisha akaamka na kusimulia ndoto ya ugomvi, ana tatizo la aina nyingine, ambalo kwa baadhi ya watu hutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka. Na yeyote aliyewahi kumuumiza mtu, kufungua mlango wa nje au kushika panga asilale tena bila tahadhari. Vitu vyenye makali vifungiwe, kitanda kiwe chini, mlango uwe na kengele.

Daktari hataliona tukio lenyewe, na mgonjwa halikumbuki. Ushahidi bora ni video iliyochukuliwa kwa simu na aliye chumbani, pamoja na maelezo ya saa mgonjwa alipolala, saa tukio lilipoanza, lilichukua dakika ngapi, na alikunywa au kumeza nini jioni ile. Kwa mtoto anayekurupuka saa ileile kila usiku, wazazi wengine hushauriwa kumwamsha taratibu kama robo saa kabla ya saa hiyo, kwa wiki kadhaa, kisha waache waone.