Duara Mkononi mwa Mtoto: Choa au Pumu ya Ngozi?

Tuseme mtoto wa miaka sita anajikuna mkono. Mama akipandisha shati la shule anakuta duara la ukubwa wa sarafu. Duka la dawa linampa krimu, anapaka, na kufikia siku ya tatu muwasho umetulia. Wiki mbili baadaye duara limerudi, limetanuka, na mipaka yake haieleweki tena.

Krimu ile ilikuwa na steroidi, dawa inayotuliza pumu ya ngozi, au ukurutu. Mtoto alikuwa na choa, ugonjwa wa fangasi. Steroidi hupunguza mapambano ya mwili yanayoleta muwasho, kwa hiyo nafuu ile ilikuwa ya kweli. Fangasi tu ndio waliobaki bila wa kuwazuia.

Duara lingetazamwa vizuri siku ya kwanza, huenda lingejitaja lenyewe. Fangasi wa choa hula keratini, protini ngumu ya ngozi ya juu, na husonga kutoka katikati kwenda nje. Ndiyo maana ukingo huinuka na kuwa na magamba, huku katikati kukianza kusafika. Ukipitisha kidole taratibu, ukingo unauhisi. Duara la pumu ya ngozi halina katikati safi: lote ni kavu na lenye magamba, au lote linatoa majimaji na kufanya gaga. Wekundu unaotajwa vitabuni si wa kutegemea kwenye ngozi nyeusi, ambako baka huonekana la kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu.

Kisha mvue mtoto nguo zote. Pumu ya ngozi mara nyingi huwa na mabaka kadhaa, mikono yote au miguu yote, kwa mtoto ambaye ngozi yake ni kavu tangu utotoni. Choa huwa moja au mawili, upande mmoja, na aghalabu nyumbani kuna paka aliyenyonyoka manyoya au ndugu mwenye mapunye.

Choa changa, hata hivyo, huwa bado hakijasafika katikati, na hapo macho hudanganyika. Maabara hukwangua magamba, huyaweka kwenye kioo pamoja na potasiamu haidroksaidi, na kutafuta nyuzi za fangasi kwa darubini. Magamba yatolewe ukingoni. Ya katikati yanaweza kuonyesha hakuna kitu.

Kwa mtoto wetu, steroidi inasimamishwa. Anapakwa klotrimazoli mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo kwa sentimita 2, kwa wiki mbili hadi nne, na haiachwi siku ile tu ngozi inapoonekana safi. Lisipopungua kwa muda huo, arudi kwa daktari. Kichwa nacho kikaguliwe: penye nywele zilizokatika, krimu haifiki kwenye mizizi, na daktari huandika dawa ya kumeza kama griseofulvini kwa wiki kadhaa.